Ushuru Ulikatwa, KRA Haukufika

Wengi hugundua mwezi wa Juni. Mfanyakazi anafungua iTax ajaze ritani ya mwaka uliopita kabla tarehe 30 haijapita, anafika kwenye ukurasa wa mapato ya ajira, na pale ambapo angetarajia kuuona mshahara wake na ushuru uliokatwa, hakuna kitu. Mwajiri hayumo. Au yumo kwa miezi minne tu, ilhali yeye amefanya kazi mwaka mzima na kila hati ya mshahara aliyopewa ina mstari wa PAYE. Hapo ndipo swali linapomkaba kooni: je, nitadaiwa fedha ambazo tayari nilikatwa?

Kwa mujibu wa sheria ya Kenya, la. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Ushuru wa Mapato kinasema kwamba ushuru uliokatwa kwenye mshahara huhesabiwa kuwa umelipwa na mfanyakazi, na hupunguzwa kutoka kwa ushuru anaodaiwa mwaka huo. Kinachoangaliwa ni kama ulikatwa. Hakuna sharti kwamba lazima uwe umefika KRA ndipo uhesabiwe. Ukiukatwa, wewe umemaliza; deni linalobaki ni kati ya mwajiri na serikali, na KRA ina nguvu za kumfuata kana kwamba ushuru ule ni wake yeye mwenyewe. Inaweza hata kuiagiza benki yake itoe fedha kwenye akaunti ya kampuni.

Lakini kinga hiyo ina mlango mmoja tu wa kuingilia, nao ni ushahidi kwamba ulikatwa kweli. Na hapa ndipo watu wengi wema huumia bila kosa lao.

Tuchukue mhudumu wa mapokezi katika hoteli moja ya Pwani ambaye mwaka 2025 alikuwa akilipwa shilingi 50,000 kwa mwezi kabla ya makato. Hati yake ya mshahara inaonyesha NSSF 3,000, bima ya afya ya SHIF 1,375 na ada ya nyumba 750. Makato hayo matatu huondolewa kwanza, kwa hiyo mapato yanayotozwa ushuru ni 44,875. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, shilingi 8,333 zinazofuata asilimia 25, na zilizobaki asilimia 30. Jumla inakuwa kama 8,246. Ukiondoa nafuu ya kila mwezi ya 2,400, anakatwa PAYE ya shilingi 5,846. Kinachoingia benki ni 39,029. Kwa mwaka mzima amekatwa karibu shilingi 70,150.

Mwajiri alitakiwa kufanya mambo mawili kufikia tarehe 9 ya kila mwezi uliofuata. La kwanza, kujaza P10, yaani ritani ya mwajiri inayoorodhesha kila mfanyakazi kwa PIN yake, mshahara wake na ushuru wake. La pili, kulipa jumla ya fedha hizo. Ni mambo mawili tofauti, na kutofautisha moja na jingine ndiko kunakokuambia umesimama wapi.

Mwajiri akijaza P10 lakini asilipe, taarifa zako ziko KRA. Jina lako limo, ushuru wako umo, na deni limekaa kwenye akaunti ya mwajiri. Mfanyakazi huyo ana nafuu kubwa, maana mwajiri mwenyewe amekiri kwa maandishi kwamba alimkata. Hatari zaidi ni mwajiri ambaye hakujaza kabisa, au aliyejaza akaacha baadhi ya majina, au aliyeandika kwamba unalipwa 24,000 wakati hati yako inasema 50,000. Huyo wa mwisho ndiye mgumu kugundulika, kwa sababu mfanyakazi akiona jina lake kwenye mfumo hutulia, asisome takwimu.

Sasa turudi kwa yule mhudumu. Anapokuta ukurasa mtupu, huwa na vishawishi viwili, na vyote viwili vinamharibia.

Cha kwanza ni kujaza ritani ya sufuri. Wenzake kazini wanamwambia kuwa hapo hakuna P9, mfumo haumwonyeshi mshahara, basi ajaze sufuri aepuke faini ya kuchelewa, ambayo kwa mtu binafsi haipungui shilingi 2,000. Naelewa kwa nini watu hufanya hivyo, lakini ni kujichimbia kaburi. Ritani ya sufuri ni tamko lako kwa serikali kwamba hukupata mapato yoyote. Mwaka mmoja au miwili baadaye mwajiri akikaguliwa, au akijaza zile P10 zilizochelewa, mshahara wako utaibuka dhidi ya tamko ulilotoa mwenyewe. Aliyekosa alikuwa mwajiri. Sasa na wewe una kosa. Na siku ile utakapotaka kusema kwamba ulikatwa, utaulizwa kwa nini ulisema hukuwa na kazi.

Cha pili ni kuandika mshahara na kuacha sehemu ya PAYE wazi, kwa kuwa ushuru wenyewe haukufika. Mfumo hautajua lolote. Utapiga hesabu kana kwamba hakukatwa hata senti na kumwekea deni la shilingi 70,150, na kila mwezi linaongezewa riba ya asilimia 1. Mtu wa mshahara wa elfu hamsini anaamka na deni la zaidi ya mwezi na nusu wa jasho lake, deni alilojiandikia kwa mkono wake.

Njia sahihi ni kutangaza vyote viwili kama vilivyokuwa: mshahara kabla ya makato, na PAYE iliyokatwa, kulingana na fomu ya P9 ambayo mwajiri hutakiwa kumpa kila mwaka. Kama P9 hakupewa, ajumlishe hati za mshahara za miezi yote 12. Inawezekana ritani hiyo isioane na rekodi za KRA na akaitwa aeleze. Na aitwe. Maelezo anayo.

Maelezo yenyewe yana nguvu gani? Hapa kuna jambo ambalo wafanyakazi wengi hawalifikirii. Hati ya mshahara peke yake ni karatasi ya mwajiri, na mtu anaweza kutilia shaka ilivyoandikwa. Lakini iweke kando ya taarifa ya benki. Hati inasema 39,029. Benki inaonyesha kwamba tarehe 30 ziliingia 39,029 kutoka kwa kampuni hiyohiyo. Mkataba wa ajira unasema mshahara ni 50,000. Zile shilingi 10,971 zilizo katikati haziwezi kuwa zimeyeyuka. Zilikatwa, na hati inataja kila moja ilikatwa kwa jina gani. Mkataba, hati ya mshahara na taarifa ya benki, vikikubaliana mwezi baada ya mwezi, ni ushahidi mzito kuliko barua yoyote ya kulalamika.

Hatua ya kwanza, hata hivyo, ni kwa mwajiri, na kwa maandishi. Huhitaji ukali. Omba P9 ya mwaka husika, omba nakala ya ukurasa wa P10 unaoonyesha PIN yako, na omba uthibitisho wa malipo wa miezi hiyo. Usikubali risiti peke yake. Risiti ya malipo huonyesha jumla ya kampuni nzima na wala haisemi kama jina lako limo. Wakati mwingine tatizo ni PIN iliyokosewa herufi moja, na mhasibu hulirekebisha siku hiyohiyo. Mwajiri akinyamaza au akizungusha, peleka nakala za karatasi zako KRA, pamoja na ile barua uliyomwandikia.

Ikiwa KRA tayari imekutumia tathmini ya deni, muda unakimbia. Una siku 30 za kuweka pingamizi kwa maandishi, na pingamizi lieleze sababu zake na kuambatanishwa ushahidi. Hapo ndipo kifungu cha 39 kinatajwa kwa nambari yake. Mtu anayekaa kimya akidhani ukweli utajitokeza wenyewe huacha deni la mwajiri ligeuke kuwa lake.

Watu huniuliza pia kama wanaweza kumshtaki mwajiri awarudishie fedha zao. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamlazimu mwajiri aliyekata fedha kwa mujibu wa sheria azipeleke zinakostahili. Asipofanya hivyo ni kosa la jinai, na adhabu yake inaweza kufika faini ya shilingi 100,000, kifungo cha miaka 2, au vyote viwili. Lakini fikiria vizuri unachoomba. Ukirudishiwa zile 70,150 mkononi, hapana tena ushuru uliokatwa, na KRA itakudai wewe. Kilicho na faida kwako ni mwajiri azipeleke kwa PIN yako.

Kuna pahali kinga hii haifiki, na ni haki kulisema wazi. Mwajiri asipokukata kabisa, akakulipa 50,000 zote mkononi kwa M-Pesa bila hati, hakuna cha kuhesabiwa. Yeye amekosa kwa kutokukata na ataadhibiwa, lakini mapato ni yako na ushuru juu yake bado unaweza kudaiwa kwako. Na aliyeambiwa kwa mdomo tu kwamba atalipwa 50,000 kisha akawa anapokea 39,000 taslimu, bila mkataba wala karatasi, ana kazi ngumu ya kuonyesha kwamba ile tofauti ilikuwa ushuru na si mshahara mdogo zaidi. Sheria ya Ajira, kifungu cha 20, inakupa haki ya kupata hati inayoorodhesha makato. Idai ungali kazini, maana ukishatoka utabisha milango ya watu wasiokujua.

Wala usingoje Juni. Rekodi zako za NSSF zinaweza kuangaliwa mwezi wowote, na mara nyingi mwajiri aliyebanwa na fedha hasiti kwenye PAYE pekee. Huanza kuruka makato yote. Ukiona michango ya NSSF imekatika miezi miwili mfululizo ilhali hati yako inaendelea kuonyesha unakatwa, mwulize mhasibu kuhusu PAYE wiki hiyohiyo. Wenzetu wa Tanzania wana ugumu zaidi katika hili: mfanyakazi mwenye ajira moja tu na asiye na mapato mengine hatakiwi kujaza ritani ya mwaka, kwa hiyo hakuna siku maalumu inayomlazimu kuangalia.

Hati za mshahara, mkataba na taarifa za benki zihifadhi kwa miaka 5 angalau, kwa sababu KRA kwa kawaida inaweza kurudi nyuma kiasi hicho. Kampuni ikifungwa kabla hujapata P9, hizo ndizo zitakazosimama badala yake, kwani huenda mhasibu aliyeziandaa asipatikane tena, na kompyuta za ofisi zikawa zimeshapigwa mnada.