Jengo la Mwenye Jengo, Deni la Mpangaji

Kampuni inayopanga jengo hainunui ukuta wala bati. Hata hivyo, tangu Januari 1, 2019, kampuni inayoandaa hesabu zake kwa viwango vya kimataifa, yaani IFRS, inapopanga jengo kwa miaka kadhaa hutakiwa kuingiza vitu viwili kwenye mizania yake mara tu inapokabidhiwa funguo: mali na deni. Kiwango kinachotaka hivyo ni IFRS 16. Kilitolewa Januari 2016 kuchukua nafasi ya IAS 17.

Chini ya IAS 17, pango la kawaida lilikuwa gharama tu. Kila mwezi lililipwa, likaandikwa, likapita. Kampuni ingeweza kujifunga kwa mkataba wa miaka kumi usiovunjika na mizania isionyeshe hata senti ya ahadi hiyo. Sir David Tweedie, aliyeongoza bodi ya viwango hivyo hadi 2011, alikuwa akitania kwamba angetamani siku moja apande ndege ambayo kweli imo kwenye mizania ya shirika lake. Ndege nyingi zilikuwa za kukodi, hivyo vitabuni hazikuonekana. Majengo ya maduka, benki na ofisi nayo yalikuwa hivyo hivyo.

Tufuate mfano mmoja mpaka mwisho. Kampuni ya kuuza dawa kwa jumla jijini Dar es Salaam inapanga jengo kwa miaka mitano. Pango ni shilingi milioni 60 kwa mwaka, na kama ilivyo desturi kwa wenye majengo wengi, hulipwa mwaka mzima kwa mkupuo, mwanzoni mwa mwaka. Mkataba unasainiwa Novemba. Siku hiyo kampuni inalipa pango la mwaka wa kwanza, na inampa dalali milioni 5, sawa na pango la mwezi mmoja. Mwenye jengo, ili asimpoteze mteja, anaahidi kumrudishia nusu ya hela ya dalali. Funguo zinakabidhiwa Januari 1.

Siku inayohesabika

Kosa la kwanza hutokea kwenye tarehe. Wengi huandika deni siku ya kusaini, kwa kuwa ndiyo siku ya wino na mihuri. IFRS 16 hutazama siku ambayo mwenye jengo anamwachia mpangaji jengo alitumie. Kwa mfano wetu ni Januari 1. Zile milioni 60 za Novemba hukaa kwanza kama malipo ya awali, zikisubiri.

Haijalishi kama mpangaji ameanza biashara. Akipokea funguo Januari na fundi akapanga rafu hadi Machi, hesabu huanza Januari, kwa sababu tangu hapo jengo lilikuwa mikononi mwake.

Deni: yaliyobaki tu

Deni la upangaji ni thamani ya leo ya malipo ambayo bado hayajalipwa siku ile ya kuanza. Miaka mitano ina malipo matano, lakini la kwanza limeshalipwa. Yamebaki manne ya milioni 60 kila moja, yatakayolipwa baada ya mwaka 1, 2, 3 na 4.

Kiasi kinachoingia ni pango kamili. Nchini Tanzania mpangaji hukata asilimia 10 ya kodi ya zuio na kuipeleka TRA, kwa hiyo mwenye jengo hupokea milioni 54 mkononi. Mhasibu anayechukua 54 kama malipo ya pango anapunguza deni bila sababu. Zile 6 bado ni pango. Zimepitia njia nyingine tu. Kinyume chake, fedha za ulinzi na usafi si malipo ya kutumia jengo, ni malipo ya huduma. Hutengwa na kuandikwa kama gharama, isipokuwa kampuni imechagua, kama kiwango kinavyoruhusu, kuziunganisha na pango na kuzihesabu pamoja.

Sasa inahitajika riba ya kurudisha malipo ya kesho kwenye thamani ya leo. Kiwango kinataka kwanza riba iliyofichika ndani ya mkataba wenyewe, lakini ili kuijua unahitaji siri za mwenye jengo, kama vile makadirio yake ya thamani ya jengo mwisho wa mkataba. Mara nyingi haipatikani. Hapo hutumika riba ambayo mpangaji huyu angetozwa kama angekopa siku hiyo, kwa muda unaofanana, kwa dhamana inayofanana, kwa sarafu ile ile, ili apate mali ya thamani kama hii. Si riba ya amana yake benki, wala si wastani wa mikopo yake ya zamani. Tuseme benki yake ingemtoza asilimia 15.

Kila malipo hugawanywa kwa 1.15 mara moja kwa kila mwaka wa kusubiri. Milioni 60 za mwaka mmoja mbele ni milioni 52.174 leo. Za miaka miwili ni 45.369, za mitatu 39.451, na za minne 34.305. Jumla ni shilingi milioni 171.299. Hilo ndilo deni la siku ya kwanza. Kwenye Excel linapatikana hivi:

```
=PV(0.15,4,-60000000)
```

Hapa ndipo wengi huteleza. Mtu anaona miaka mitano, anaandika 5 badala ya 4, na Excel inampa takriban milioni 201.1 bila kulalamika. Fomula hiyo imedhani malipo yote matano yatafanyika mwisho wa mwaka, likiwemo lile ambalo risiti yake iko kwenye faili tangu Novemba.

Kipimo cha kugundua kosa ni rahisi: endesha deni hadi mwisho. Anza na 171.299, ongeza riba ya asilimia 15, toa 60, linabaki 136.994. Rudia, linabaki 97.543. Rudia tena, 52.174. Mara ya nne riba inalifikisha 60 kamili, linalipwa, linabaki sifuri. Deni lisilofika sifuri siku ya malipo ya mwisho lina kosa la idadi, tarehe au riba.

Riba nayo ina uzito wake. Kwa asilimia 10 deni hilo hilo lingekuwa takriban milioni 190.2. Ndiyo maana mkaguzi huomba barua ya benki au mkopo wa karibuni unaofanana, hatosheki na namba iliyotajwa kikaoni.

Mali: deni na vilivyoandamana nalo

Mali inayoingia vitabuni si jengo. Jengo linabaki kwenye hesabu za mwenyewe, na uhasibu wa mwenye jengo haukubadilishwa sana na kiwango hiki. Mpangaji huandika haki ya kulitumia kwa muda wa mkataba, yaani mali ya haki ya matumizi.

Thamani yake huanzia kwenye deni: milioni 171.299. Huongezwa pango lililolipwa kabla ya kuanza, milioni 60. Huongezwa gharama ambazo zisingekuwepo kama mkataba usingepatikana, hapa milioni 5 za dalali. Kisha hutolewa kile ambacho mwenye jengo amerudisha kama kivutio, milioni 2.5. Jumla ni shilingi milioni 233.799.

Tazama pengo. Mali ni 233.799, deni ni 171.299. Anayeandika pande zote mbili namba moja, kwa imani kwamba lazima zilingane, huwa ameisahau ile milioni 60, na mara nyingi inaendelea kukaa kwenye malipo ya awali kana kwamba ni kitu kingine.

Ada ya wakili hupimwa kwa swali moja: je, ingelipwa hata kama mkataba usingefungwa? Wakili anayelipwa kwa kusoma rasimu, mkataba upatikane usipatikane, ni gharama ya kawaida. Dalali anayelipwa mkataba ukifungwa tu huingia kwenye mali.

Na kama mkataba unamtaka mpangaji arudishe jengo lilivyokuwa? Siku ya kwanza, kabla hajatoboa ukuta, hakuna cha kurudisha, hivyo hakuna cha kuandika. Wajibu huzaliwa anapojenga chumba cha ubaridi wa dawa atakachopaswa kubomoa. Hapo hukadiriwa gharama ya ubomoaji na kuwekewa tengo lake. Haichanganywi na deni la upangaji.

Maandishi ya Januari 1 basi ni haya. Mali ya haki ya matumizi inadebitiwa milioni 171.299 na deni la upangaji linakreditiwa kiasi hicho hicho. Kisha milioni 60 zinahamishwa kutoka malipo ya awali, na milioni 5 za dalali kutoka zilikoshikiliwa tangu Novemba, zote kuingia kwenye mali. Mwisho, milioni 2.5 za mwenye jengo zinadebitiwa benki zikishapokelewa, au kwenye deni la upangaji kama bado, na mali inakreditiwa.

Miaka mitano au kumi?

Kampuni zinazotumia kiwango cha IFRS cha mashirika madogo na ya kati hazimo katika utaratibu huu. Kiwango chao kinaendelea na mgawanyo wa zamani. Wanaotumia IFRS kamili nao wanaruhusiwa kuacha mikataba isiyozidi miezi 12 ibaki gharama tu. Ndiyo maana swali la muda ni zito kuliko hesabu yote tuliyofanya.

Tuseme mkataba wetu unampa mpangaji hiari ya kuongeza miaka mitano kwa pango lile lile. Hiari huingia kwenye muda kama ni karibu na hakika kwamba ataitumia. Ikiingia, malipo yanayobaki ni tisa, na deni linaruka kutoka milioni 171.3 hadi takriban 286.3. Mkataba ni ule ule, pango ni lile lile.

Jibu halipo kwenye Excel. Mhasibu lazima atembelee jengo na kuuliza uongozi. Je, chumba cha ubaridi kimegharimu kiasi gani, na kitadumu miaka mingapi? Kibali cha kuuza dawa kimefungwa na eneo hilo? Kuhama kungesimamisha mauzo kwa muda gani? Kampuni inayotia mamilioni kwenye ukarabati wa kudumu miaka kumi, kisha ikadai itaondoka baada ya mitano, itaulizwa na mkaguzi kwa nini ilijenga. Na kama mpango wake wa biashara uliopelekwa benki unaonyesha mauzo ya mwaka wa nane kutoka jengo hilo hilo, mkaguzi amekwisha kupata jibu.