Kwa nini dirisha la gemu au video hunaswa likiwa jeusi, na namna ya kulirekebisha

Gemu la mpira linachezwa vizuri kwenye skrini ya laptopu, sauti inasikika, lakini watazamaji mtandaoni wanaona mraba mweusi tu. Tatizo hili huwapata sana wanaotumia OBS Studio, programu ya bure ya kurekodi na kurusha matangazo mubashara. Wengi huifuta programu na kuiweka upya, kisha weusi unarudi palepale. Mara nyingi programu haina kasoro. Inaitafuta picha mahali ambapo picha haipo.

Makala haya yanahusu kompyuta zenye Windows 10 na Windows 11.

Picha iko wapi hasa?

Anayezoea studio ya redio ataelewa haraka. Mgeni anaweza kuzungumza na spika zikatoa sauti yake, lakini kama waya wa kurekodi umechomekwa kwenye chaneli isiyo na mtu, kinachorekodiwa ni kimya. Picha ya kompyuta nayo ina njia zake.

Programu ya kawaida, kama ya kuandikia barua, huchora dirisha lake kwa njia ya zamani ya Windows, na programu nyingine inaweza kulinakili kwa urahisi. Gemu na vicheza video havifanyi hivyo. Kazi yao ni nzito, kwa hiyo huikabidhi kadi ya picha, ambayo huchora kwenye kumbukumbu yake yenyewe na kupeleka matokeo kwenye skrini. Anayenakili kwa njia ya zamani hufika na kukuta nafasi tupu, na nafasi tupu huonekana nyeusi.

Ndiyo maana aina ya weusi ni dalili. Ukiona fremu ya dirisha na vitufe vyake lakini sehemu ya video ni nyeusi, njia ya kunakili ndiyo isiyofaa. Ikiwa gemu zima halionekani kabisa, angalia kwanza ni kadi ipi inayolichora.

Mfano: laptopu yenye kadi mbili

Tuseme vijana wa mtaa wameandaa mashindano ya gemu la mpira, na fainali itarushwa Jumamosi. Laptopu yao ina kadi mbili za picha: ya Intel iliyo ndani ya prosesa, inayotumia umeme kidogo, na ya NVIDIA yenye nguvu. Ndani ya OBS wameongeza chanzo kiitwacho Game Capture, lakini wanaona weusi.

Kilichotokea ni kwamba Windows imelipeleka gemu kwenye kadi ya NVIDIA kwa sababu ni zito, na OBS ikaiacha kwenye kadi ya Intel ili kuokoa umeme. Game Capture hutegemea kuichukua picha ikiwa bado ndani ya kadi. OBS iliyo kwenye kadi moja haiwezi kuifikia moja kwa moja picha iliyo kwenye kadi nyingine.

Jambo hili linaweza kuthibitishwa bila kubahatisha. Gemu na OBS zikiwa wazi, bonyeza Ctrl+Shift+Esc ili kufungua Task Manager, kisha utazame safu iitwayo GPU engine katika ukurasa wa Processes. Kama safu hiyo haipo, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya vichwa vya safu na uichague. Gemu likiandikwa GPU 1 na OBS ikaandikwa GPU 0, umeshapata chanzo cha tatizo.

Tiba ni kuzipeleka zote mbili kwenye kadi moja. Fungua Settings, kisha System, Display, halafu Graphics. Ongeza OBS kwenye orodha kwa kulitafuta faili hili:

```
C:\Program Files\obs-studio\bin\64bit\obs64.exe
```

Bonyeza OBS kwenye orodha hiyo, fungua chaguo zake, uchague High performance, na uhifadhi ukiombwa. Funga OBS kabisa na uifungue upya, kwa sababu kadi huchaguliwa programu inapoanza.

Mpangilio huu una upande wake wa pili. Kwenye laptopu nyingi, skrini yenyewe imeunganishwa na kadi ya Intel. Kwa hiyo ukiihamishia OBS kwenye NVIDIA, chanzo cha Display Capture, kinachonasa skrini nzima, kinaweza kugeuka cheusi wakati gemu linaonekana. Anayetaka kunasa skrini nzima airudishe OBS kwenye Power saving. Chagua kwanza unachotaka kunasa, ndipo uchague kadi.

Kama kadi ni moja na weusi bado upo, angalia kama gemu lilifunguliwa kwa Run as administrator. Ikiwa ndivyo, OBS nayo ifunguliwe hivyo hivyo. Programu yenye ruhusa za kawaida haiwezi kuingia ndani ya programu yenye ruhusa kubwa kuliko zake.

Kivinjari na kicheza video

Kwa video, chanzo kinachofaa ni Window Capture. Fungua mipangilio yake na utazame mahali palipoandikwa Capture Method. BitBlt ndiyo njia ya zamani tuliyoieleza. Badilisha uweke Windows 10 (1903 and up). Njia hii haiendi kunakili dirisha la programu. Huiomba Windows picha iliyokwisha kuunganishwa tayari kwa skrini, na katika visa vingi video hujitokeza papo hapo. Usilipunguze dirisha hadi kwenye upau wa chini, maana dirisha lililofichwa hivyo halichorwi tena. Liache wazi, hata kama lipo nyuma ya dirisha jingine.

Kama njia hiyo haipatikani kwenye kompyuta yako na unatumia Chrome, nenda Settings, kisha System, uzime Use graphics acceleration when available, halafu ukifungue kivinjari upya. Kazi ya kuchora itarudi kwa prosesa na BitBlt itaweza kuiona. Gharama yake ni kwamba prosesa itachemka zaidi, na video kubwa inaweza kukatakata kwenye kompyuta dhaifu.

Na kama video ni faili lililomo ndani ya kompyuta yako, huhitaji kunasa dirisha lolote. Ongeza chanzo cha Media Source, chagua faili, na OBS itaicheza yenyewe.

Weusi usio hitilafu

Kuna weusi ambao umewekwa makusudi. Huduma za filamu za kulipia, kama Netflix, hutuma video iliyofungwa kwa ulinzi wa hakimiliki, na programu yoyote inaweza kuiambia Windows kwamba dirisha lake lisinaswe. Kulitambua hili ni rahisi: simamisha filamu, kisha upige picha ya skrini kwa Win+Shift+S. Ikiwa hata picha hiyo ina weusi mahali pa filamu, huku maandishi na vitufe vikionekana, huenda ni ulinzi. Hapo usipoteze saa kwenye mipangilio ya OBS. Njia iliyobaki ni kupata ruhusa na nakala ya faili kutoka kwa mwenye filamu.

Vijana wa fainali yetu, baada ya kuihamisha OBS, warekodi sekunde 20 na kuitazama rekodi yenyewe kabla ya kubonyeza Start Streaming. Mipangilio ya Graphics hubaki hata kompyuta ikizimwa, lakini OBS ikiwekwa katika folda nyingine itabidi faili lake liongezwe upya kwenye orodha.