Taa ya sola na kalenda ya tumbaku

Mkulima wa tumbaku wa Usinge, wilayani Kaliua, huotesha miche Septemba au Oktoba, huihamishia shambani mvua zinapoanza, na hela huiona soko linapofunguliwa, aghalabu kuanzia Aprili. Sola ya mkopo haijui kalenda hiyo. Ndani ya kisanduku chake mna kihesabu cha siku. Kikifika sifuri, taa huzima, hata kama betri imejaa. Mteja akilipa kwa simu, hutumiwa ujumbe wenye tarakimu za kuingiza, na siku huongezeka.

Neno "hajalipa" hufunika mambo yasiyofanana. Mifumo ya kadi za benki hulitambua hilo: jibu 51 ni salio halitoshi, 54 ni kadi iliyokwisha muda, 43 ni kadi iliyoibwa. La kwanza linaweza kujaribiwa tena baada ya siku kadhaa. Kurudia la mwisho ni kazi bure. Kwa malipo ya simu ambayo mteja huanzisha mwenyewe, kampuni haina cha kujaribu tena. Hupeleka ukumbusho tu, na ukimya wa mteja hauiambii sababu.

Sababu moja, hata hivyo, hupimika. Pesa imekatwa, ujumbe wa muamala una namba ya kumbukumbu, lakini tarakimu za sola hazijafika. Hapo mteja amelipa, mfumo ndio uliokwama, na kumfungia ni kosa. Tiba ni kutuma tena tarakimu zilezile, si kutengeneza mpya: kisanduku hukataa zilizokwisha kutumika, hivyo kuzirudia hakumpi mtu siku mara mbili.

Upungufu wa msimu unahitaji dawa nyingine. Tuseme sola ni shilingi 1,000 kwa siku, na mkulima amelipa 60,000 mwishoni mwa Agosti. Taa itazima mwisho wa Oktoba, hela inapohitajika kwa vibarua na chakula. Siku tatu za nyongeza zitamfikisha mwanzoni mwa Novemba, mbali kabisa na soko. Kampuni ikichukua mtambo baada ya siku 30 za giza, itautwaa kwa mtu ambaye miezi michache baadaye angelipa kwa mkupuo.

Wapo watakaosema kwamba nafuu huzaa uzembe, na kwamba kampuni nayo inadaiwa. Hoja ya deni la kampuni ni nzito, kwa hiyo siungi mkono taa ya bure: ifungwe kihesabu kinapokwisha. Ninachopinga ni kuhesabu giza la Desemba sawa na giza la Julai. Mkulima aliyekaa kimya Julai, wakati majirani waliouzia chama kilekile cha ushirika wameshalipwa na wanalipia sola zao, ndiye wa kufuatiliwa nyumbani kwanza. Wa Desemba alinganishwe na malipo yake ya msimu uliopita, na mtambo usichukuliwe kabla ya malipo ya soko kutoka.