Kuchelewa Mara Tatu, Kukosa Mara Moja: Hesabu ya Mahudhurio na Haki ya Kufanya Mtihani

Katika vyuo vikuu kadhaa vya Afrika Mashariki, mwanafunzi haruhusiwi kufanya mtihani wa mwisho ikiwa mahudhurio yake hayajafikia asilimia 75. Pale ambapo kuchelewa mara tatu huhesabiwa kuwa kukosa kipindi kimoja, hatima ya mwanafunzi aliye karibu na mpaka huo hutegemea swali dogo: masalio ya mgawanyo yahesabiwe au yaachwe? Makala haya yanadai kwamba kanuni isiyojibu swali hilo haijakamilika.

Tuchukue somo lenye vipindi 40. Sharti ni kuhudhuria vipindi 30. Mwanafunzi mmoja amekosa vipindi 9 na amechelewa mara 5. Ukokotoaji wake ni huu:

M = (V − K − C/3) ÷ V × 100

ambapo M ni mahudhurio, V ni vipindi vyote, K ni vipindi vilivyokoswa na C ni idadi ya kuchelewa. Tukihesabu mafungu kamili ya tatu pekee, kuchelewa mara 5 ni sawa na kukosa kipindi 1. Mwanafunzi hubaki na vipindi 30, yaani asilimia 75 kamili, na mtihani anaufanya. Tukihesabu sehemu pia, 5/3 ni takriban 1.67, mahudhurio hushuka hadi asilimia 73.3, na mtihani anaukosa. Rejista ni ileile.

Upeo wa hesabu nao huleta tofauti. Aliyechelewa mara 2 katika kila somo kati ya masomo matatu hapotezi kitu ikiwa mafungu kamili yanahesabiwa kwa kila somo. Yakijumlishwa pamoja, amechelewa mara 6, na amehesabiwa kukosa vipindi 2, ambavyo haijulikani vitolewe katika somo lipi.

Tatizo la tatu ni la kipimo chenyewe. Kwa kipindi cha dakika 120, ulinganisho huu ni sahihi ikiwa tu wanaochelewa hupoteza wastani wa dakika 40. Anayechelewa dakika 10 mara tatu amepoteza dakika 30, lakini hukatwa dakika 120. Kwa hiyo mahudhurio yaliyokwisha kubadilishwa hayapimi muda wa kujifunza, bali huchanganya muda huo na adhabu ya nidhamu. Mtafiti anayelinganisha vyuo viwili kwa asilimia hizo anaweza kudhani kwamba tofauti ni ya wanafunzi, kumbe ni ya kanuni.

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, rejista zitunze kukosa na kuchelewa katika safu tofauti, na ubadilishaji ufanywe wakati wa kuamua ruhusa ya mtihani tu. Pili, kanuni itamke bayana dakika zinazomfanya mtu ahesabiwe kuwa amechelewa, upeo wa hesabu, na namna ya kushughulikia masalio, kabla ya muhula kuanza.