Je, Picha za Daftari la Maabara Zinapokelewa?

"Habari za kazi. Mimi ni mwanafunzi wa kemia, mwaka wa pili. Naomba kuuliza kama ninaweza kupakia picha za daftari langu la maabara kwenye mfumo. Nina kurasa tisa, nimezipiga kwa simu. Mwisho wa kuwasilisha ni Ijumaa. Natanguliza shukrani."

Barua pepe ya namna hii si ngeni kwa ofisi ya kompyuta ya chuo chochote. Ina adabu na ni fupi, ila afisa anayeisoma hawezi kuijibu kwa ndiyo wala hapana. Ndani yake mna maswali mawili, na moja si lake. Kama picha ya mwandiko wa mkono inakubalika kuwa kazi ya mwanafunzi, hilo huamuliwa na mhadhiri wa somo. Kama mfumo utalimeza faili lenyewe, hilo ndilo la ofisi.

Tuanze na la mhadhiri. Daftari la maabara huandikwa papo hapo, mezani, kwa kalamu ya wino. Ukikosea unapitisha mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke bado, kisha unaandika namba sahihi pembeni. Kila ukurasa una namba na tarehe. Mhadhiri anayetaka picha anataka kuyaona hayo yote, kwa sababu yanamwonyesha kwamba vipimo vilichukuliwa kweli na havikutungwa bwenini. Kwa hiyo picha iliyokatwa kingo mpaka namba ya ukurasa ikapotea, au iliyochagua jedwali safi na kuuacha ukurasa wenye makosa, inamnyima alichokitafuta. Wahadhiri wengine hawataki picha kabisa. Wanataka ripoti iliyochapwa, na daftari wanalikagua kwa macho maabarani. Aulizwe yeye kwanza.

Sasa twende kwenye mfumo. Vyuo vingi vya Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwemo, hutumia Moodle, programu iliyotolewa mwaka 2002 na kusambaa duniani kwa kuwa haina malipo ya leseni. Ndani ya Moodle, ukubwa wa faili huwekewa mipaka kwa ngazi. Seva ina wake, tovuti nzima ina wake, kozi ina wake, na kila zoezi lina wake. Ulio mdogo kuliko yote ndio unaotawala. Mhadhiri akiweka megabaiti 20 kwenye zoezi hali seva imefungwa kwenye 10, mwanafunzi atapata 10. Hapo ofisi ya kompyuta ndiyo yenye ufunguo, kwa sababu mhadhiri hana mamlaka juu ya seva.

Jambo jema ni kwamba mwanafunzi anaweza kuiona mipaka hiyo bila kumwandikia mtu. Akifungua ukurasa wa zoezi na kubonyeza `Add submission`, kwenye sehemu ya kuwekea mafaili ataona `Maximum file size`, yaani ukubwa wa juu wa faili moja, na idadi ya mafaili yanayoruhusiwa. Mhadhiri akiwa amechagua aina maalumu, chini yake kutakuwa na `Accepted file types`. Maneno hayo yakifuatiwa na `.pdf` peke yake, basi picha kama picha hazitapita, hata ziwe ndogo kiasi gani.

Tumchukue huyu mwanafunzi wetu, tuseme zoezi lake linaruhusu faili moja tu, la PDF, lisilozidi megabaiti 20. Picha moja ya simu ya kisasa ina kama megabaiti 4. Anaziunganisha picha zake tisa kuwa PDF moja na kupata megabaiti 36, mfumo unakataa. Hapo ndipo wengi hukimbilia kuzibana, au kujitumia kupitia WhatsApp kisha kuzipakua tena, maana wanajua WhatsApp hupunguza ukubwa. Ni kweli hupunguza, lakini hasara yake inaangukia pale pale penye uhai wa kazi. Katika titresheni, bureti husomwa hadi sentimita ya ujazo 0.05. Namba iliyoandikwa 24.35, ikiwa ndogo na kivuli cha mkono kimeipitia, ikishabanwa sana inaweza kusomeka 24.85. Mhadhiri atakokotoa upya kwa namba aliyoiona, jibu litatofautiana na la ripoti, na alama zitakwenda.

Njia iliyo bora ni kuskani badala ya kupiga picha. Programu ya Google Drive kwenye Android ina kitufe cha `Scan`, na iPhone ina `Scan Documents` ndani ya `Notes`. Hizi huutambua ukurasa, huunyoosha, hupunguza vivuli na kuzifunga kurasa zote kuwa PDF moja. Ukurasa wa A4 kwa nukta 200 kwa inchi una upana wa pikseli kama 1,650 na urefu kama 2,340, na hapo mwandiko wa kawaida husomeka vizuri. Ukihifadhiwa kwa rangi ya kijivu, mara nyingi hauzidi nusu megabaiti. Kurasa tisa zinakuwa chini ya megabaiti 5. Kwa intaneti inayopakia megabiti moja kwa sekunde, faili hilo litachukua sekunde 40 hivi, wakati lile la megabaiti 36 lingechukua karibu dakika tano, na mtandao ukikatika dakika ya nne itabidi kuanza upya.

Wenye iPhone wana mtego wao. Tangu mwaka 2017, simu hizo huhifadhi picha kwa muundo wa HEIC, ambao kompyuta nyingi haziufungui bila nyongeza. Wapo wanaobadilisha jina la faili tu, `.heic` likawa `.jpg`. Jina limebadilika, yaliyomo hayajabadilika; mfumo unaweza kulipokea, lakini mhadhiri asiweze kulifungua. Ukitaka kujua, pakua faili lako kutoka kwenye mfumo baada ya kulipakia, ulifungue kwenye kompyuta nyingine. Kwenye `Settings`, sehemu ya `Camera`, kisha `Formats`, ukichagua `Most Compatible`, picha utakazopiga baadaye zitakuwa JPEG.

Kama baada ya hayo faili bado linagoma, hapo ndipo barua pepe kwa ofisi ya kompyuta ina kazi, na ningependa iwe hivi:

"Habari za kazi. Mimi ni mwanafunzi wa kemia, mwaka wa pili. Mhadhiri ameruhusu daftari la maabara liwasilishwe kama PDF. Faili langu lina megabaiti 4.6, na ukurasa wa zoezi unaonyesha kikomo cha megabaiti 20, lakini kila nikipakia linakataliwa. Nimejaribu kwa simu na kwa kompyuta ya maktaba, leo saa nne asubuhi. Nimeambatisha picha ya skrini yenye ujumbe wa kosa na anwani ya ukurasa. Mwisho wa kuwasilisha ni Ijumaa saa 12:00 AM."

Afisa akiisoma hii ana pa kuanzia. Saa inamwezesha kutafuta tukio kwenye kumbukumbu za seva, na tofauti kati ya 4.6 na 20 inamwambia kwamba huenda ngazi ya juu ina kikomo kidogo kuliko kile kinachoonyeshwa.

Na ile 12:00 AM ya Ijumaa isimpite mtu. Huo ni usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, si usiku wa Ijumaa yenyewe. Faili likishaingia, hali ya kazi isome `Submitted for grading`. Ikianza na neno `Draft`, kazi ni rasimu tu na bado kuna kitufe cha kuwasilisha hakijabonyezwa.