Kutoka Ofisa Stoo Hadi Mshauri: Wasifu Unavyogeuka

Tuchukue mtu aliyefanya kazi miaka 14 kwenye stoo ya muuzaji wa dawa za jumla jijini Mwanza. Sasa ameacha ajira, anataka kujitegemea kama mshauri. Wasifu wake wa zamani unasema: "Ofisa Stoo Mwandamizi. Nilipokea mizigo, nilitunza leja, nilisimamia wasaidizi 4 na kuandaa taarifa za kila mwezi."

Kwa kuombea ajira, unatosha. Lakini mwenye duka la dawa akiusoma haoni amwitie nini. Yeye hatafuti ofisa. Anataka kujua kwa nini dawa zinamwishia muda rafuni, na kwa nini leja inasema boksi 40 wakati stoo ina 31.

Kwa hiyo kila jukumu liulizwe: lilimwondolea nani adha gani? Kutunza leja, ukikuchimba, kulikuwa kuhesabu mali, kulinganisha na kadi za stoo, kisha kusaka tofauti ilikotokea: mzigo uliopokelewa pungufu, dawa iliyotoka bila hati, au pakiti zilizoandikwa kama boksi. Hiyo ni huduma, na inalipiwa. Kusimamia wasaidizi ni suala jingine. Mteja ana watu wake, hahitaji msimamizi. Anachoweza kununua ni mafunzo kwa watu hao. Taarifa za mwezi ziachwe tu. Zilikuwa za bosi.

Wasifu mpya ukaja hivi:

"Nawasaidia wenye maduka ya dawa, ya jumla na ya rejareja, kujua mali waliyonayo na kupunguza dawa zinazoisha muda stoo. Nahesabu mali, natafuta chanzo cha tofauti na leja, napanga rafu ili dawa inayokaribia kuisha muda itoke kwanza, na nawafundisha wafanyakazi kuendeleza utaratibu huo. Nimefanya kazi hii miaka 14 kwa muuzaji wa jumla."

Tazama miaka 14 ilipohamia: mwisho, kama ushahidi. Cheo hakimo kabisa, na sioni kama kuna kilichopotea. Hakuna pia "sisi" wala "timu yetu", maana mteja atakayepiga simu atampata mtu mmoja. Hasara alizookoa kwa mwajiri wa zamani hazikutajwa kwa shilingi. Hizo ni siri za biashara ya mwenzake, azitaje akiruhusiwa tu.

Kishawishi kikubwa ni kuongeza "nakagua hesabu", kwa kuwa linavutia. Kwa Tanzania, ukaguzi wa hesabu unafanywa na waliosajiliwa na NBAA, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Kuhesabu mali stooni hakumfanyi mtu mkaguzi. Aandike "nahesabu mali", basi.

Kabla ya kuusambaza, ampe mwenye duka asiyemfahamu ausome mara moja, kisha amuulize: "Ungeniita nikufanyie nini?" Akijibu "mambo ya stoo", sentensi ya kwanza bado haijakaa sawa.