Ekinasia na Maua ya Elda kwa Mafua

Ekinasia ni mmea wa Amerika ya Kaskazini wenye maua ya zambarau. Wenyeji wa nyanda za huko waliitumia mizizi yake kwa maumivu ya koo na ya meno zamani sana kabla haijafika madukani. Elda ni mti mdogo wa Ulaya, na maua yake meupe yenye harufu nzuri hukaushwa na kunywewa kama chai. Madukani dawa hizi mbili huwekwa rafu moja kwa ajili ya mafua, lakini kiasi cha utafiti uliofanywa juu ya kila moja kinatofautiana sana.

Ekinasia imepimwa mara nyingi. Mapitio ya shirika la Cochrane ya mwaka 2014 yalikusanya majaribio 24 yenye washiriki zaidi ya 4,600, na hayakupata uthibitisho kwamba inatibu mafua yaliyokwisha kuanza. Kwa upande wa kinga, matokeo yalielekea kuonyesha faida ndogo. Ugumu mmoja ni kwamba chupa zinazoandikwa ekinasia hazina kitu kimoja: baadhi zina mizizi, nyingine maji ya majani na maua, tena ya spishi tofauti. Bidhaa moja ikifaulu katika jaribio, hiyo si hoja ya kuitetea nyingine.

Jaribio linalofundisha zaidi ni lile la Wisconsin, Marekani, lililochapishwa mwaka 2010. Watu 719 waliokuwa wameanza kuumwa mafua kwa muda usiozidi saa 36 waligawanywa makundi manne. La kwanza halikupewa kidonge chochote. La pili lilipewa vidonge visivyo na dawa na la tatu ekinasia, na wote katika makundi hayo mawili hawakujua wanameza nini. La nne lilipewa ekinasia na kuambiwa wazi. Dozi ilikuwa kubwa siku ya kwanza, kisha ikapunguzwa kwa nusu katika siku nne zilizofuata. Waliomeza ekinasia bila kujua waliumwa kwa wastani wa siku 6.34, na waliomeza vidonge vitupu siku 6.87. Tofauti hiyo ya nusu siku ni ndogo kiasi kwamba huenda ilitokea kwa bahati tu.

Watafiti hao waliwatazama pia washiriki walioiamini sana ekinasia tangu mwanzo. Kati yao, waliopewa vidonge vitupu walipona zaidi ya siku mbili mapema kuliko wale ambao hawakupewa kitu. Ndiyo maana ushuhuda wa jirani kwamba ekinasia ilimponya, hata akiutoa kwa moyo mweupe, hautoshi kuonyesha dawa imefanya nini. Isitoshe, mafua ya kawaida hupungua yenyewe ndani ya wiki moja hivi, na aliyemeza dawa siku ya nne atapona siku ya saba kwa vyovyote.

Maua ya elda yana ushahidi mdogo zaidi. Majaribio yanayotajwa kuyatetea kwa kawaida yalitumia matunda ya elda, si maua, na hata hayo yamegongana. Shirika la Dawa la Ulaya linayakubali maua kwa mafua kwa sababu tu yametumika kwa miaka mingi. Kipimo chake ni gramu 2 hadi 5 za maua makavu katika kikombe cha maji yaliyochemka, mara tatu kwa siku. Majani, magome na matunda mabichi ya mti huo yana sumu inayotapisha na kuharisha, kwa hiyo asiyeutambua vizuri asichume mwenyewe.

Anayetaka kujaribu ekinasia huanza dalili zikichomoza tu, yaani koo linapowasha na chafya za kwanza zinapoanza, kwa kuwa virusi huzaana kwa kasi siku za mwanzo. Haitumiwi zaidi ya siku kumi mfululizo. Watoto wa chini ya miaka 12 hawapewi: katika jaribio la Marekani la mwaka 2003 haikufupisha mafua yao, na vipele viliwatoka wengi zaidi ya wale wa dawa tupu. Wenye VVU, kifua kikuu au magonjwa ambayo kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, pamoja na wanaotumia dawa za kushusha kinga, wanashauriwa kuiepuka.

Vipele, uso kuvimba au kubanwa na pumzi ni ishara ya kuacha papo hapo na kwenda hospitali. Mafua yasiyopungua baada ya wiki yanahitaji daktari, na homa kali au kupumua kwa shida havisubiri hata siku hizo. Katika maeneo yenye malaria, homa hupimwa damu kwanza, hata mgonjwa akiwa anatokwa kamasi.